Vinyweleo vipo, uso umekuwa wa plastiki: kutafuta kosa unapotenganisha masafa

Wanaoleta picha zao nizitazame huja na malalamiko sita au saba hivi, na mengi huishia kwenye neno moja: plastiki. Mwenye picha huapa kwamba hakugusa vinyweleo, na mara nyingi anasema kweli. Ukikuza picha unaviona vyote vipo. Kilichoondoka ni ule mpishano wa mwanga na kivuli uliokuwa unaliambia jicho kwamba shavu limejaa na kidevu kimechomoza. Alikuwa anasawazisha rangi, akasawazisha na sura.

Kutenganisha masafa ni kuigawa picha katika matabaka mawili. La chini nitaliita Rangi: limefifishwa, na limebeba rangi za ngozi pamoja na mwanga na kivuli vilivyotanda. La juu nitaliita Umbile: limebeba vinyweleo, malaika na mikunjo midogo, na ukilitazama peke yake ni la kijivu. Ukiyapandanisha, picha ya awali inarudi. Maelezo haya yamefuata majina yaliyomo kwenye Photoshop; wa GIMP wana aya yao hapo chini.

Dalili: picha imebadilika kabla hujarekebisha chochote

Anza na hili hata kama tatizo lako ni jingine, maana kosa la hapa huzaa mengine yote. Zima matabaka yote mawili, kisha yawashe, huku ukitazama jicho na nywele. Picha haitakiwi kubadilika hata kidogo. Ikibadilika, utenganishaji wenyewe una kasoro na hakuna brashi itakayokuokoa.

Sababu inayoongoza ni kisanduku cha `Layer` ndani ya `Apply Image` kuachwa kwenye `Merged`. Programu inaitoa picha kwenye picha hiyo hiyo, tofauti inakuwa sufuri, na Umbile linatoka kijivu kitupu. Utalitambua kosa hili haraka: ukiwasha kila kitu, uso una ukungu kana kwamba Umbile halipo. Na kweli halipo.

Sababu ya pili ni kuchanganya kanuni ya picha ya biti 8 na ya biti 16. Mpangilio mzima ni huu. Nakili `Background` mara mbili. Zima nakala ya juu, nenda kwenye Rangi na uififishe kwa `Gaussian Blur`. Washa Umbile, lichague, kisha fungua `Image > Apply Image`. Kwa biti 8:

```
Layer: Rangi
Invert: off
Blending: Subtract
Scale: 2
Offset: 128
```

Kwa biti 16:

```
Layer: Rangi
Invert: on
Blending: Add
Scale: 2
Offset: 0
```

Baada ya hapo modi ya Umbile iwe `Linear Light`. Sababu ya tatu, nayo ya kuchekesha kidogo, ni kusahau hatua hii ya mwisho. Skrini nzima inabaki kijivu na mtu anadhani ameharibu faili. Namba zenyewe zina maana yake. Tofauti kati ya picha na ukungu wake inagawanywa kwa mbili na kuegemezwa kwenye kijivu cha katikati, halafu `Linear Light` inaizidisha tena kwa mbili inapoirudisha. Ndiyo maana `Scale` ikiwa 1 umbile linarudi likiwa kali mara mbili, na ngozi inaonekana kama gome la mti.

Kwenye GIMP kazi hiyo hiyo hufanywa kwa modi mbili. Weka nakala iliyofifishwa juu ya picha kali, ipe modi ya `Grain extract`, tengeneza tabaka jipya kwa `New from Visible`, kisha irudishe nakala iliyofifishwa kwenye `Normal` na tabaka jipya lililo juu yake lipe modi ya `Grain merge`. Jaribio la kuzima na kuwasha ni lile lile.

Dalili: vinyweleo vyote vipo lakini uso ni kama sanamu

Hapa ndipo wengi walipo, na hapa nitakaa.

Sababu ya kwanza kabisa ni kuzungushia eneo kubwa kwa `Lasso`, tuseme shavu zima kuanzia chini ya jicho hadi taya, na kulififisha ndani ya tabaka la Rangi. Baka jekundu linapotea, lakini nao mteremko wa mwanga unaotoka kwenye mfupa wa shavu kwenda kwenye kivuli cha taya unapotea. Ukungu hauwezi kujua kwamba ulitaka kuondoa kimoja na kubakiza kingine. Unakoroga vyote viwili.

Sababu ya pili imejificha ndani ya hiyo ya kwanza: mtu hajajua bado kama tatizo lake ni rangi au ni mwanga. Sehemu mbili za uso zinaweza kutofautiana kwa sababu moja ni nyekundu zaidi, au kwa sababu moja ina giza zaidi. Kwa jicho la haraka zote ni “ngozi isiyo sawa”, na tiba zake ni mbili tofauti.

Kabla ya kugusa kitu, pima. Weka kifaa cha `Eyedropper` kwenye `11 by 11 Average` ili usisome kinyweleo kimoja kimoja, na kwenye paneli ya `Info` chagua kusoma kwa HSB. H ni aina ya rangi kwa digrii: kwenye ngozi, kadiri namba inavyosogea sufuri ndivyo ilivyo nyekundu, na ikipanda kuelekea 30 inakwenda machungwa. S ni ukolezi, B ni ung'avu. Tuchukue picha ya kichwa na mabega ya megapikseli 24, uso una upana wa pikseli 2,200 hivi, na mwenye picha analalamika kwamba pembeni mwa pua na paji la uso “haviendani” na mashavu. Vipimo vinatoka hivi:

```
shavu           H 19   S 49   B 66
pembeni ya pua  H 10   S 51   B 67
paji la uso     H 19   S 49   B 54
```

Soma mstari wa pua. Ung'avu ni ule ule wa shavu, ukolezi karibu ule ule, ila H imeshuka digrii 9. Hilo ni tatizo la rangi peke yake. Sasa soma paji: H na S hazijatofautiana na shavu hata kidogo, B ndiyo imeshuka kwa 12. Paji halina ubaya wowote wa rangi, lina giza. Aliyezizungushia sehemu zote mbili `Lasso` na kuzififisha ametibu magonjwa mawili kwa dawa moja isiyo ya lolote kati yake.

Pua kwanza. Tengeneza tabaka tupu kati ya Rangi na Umbile, lipe modi ya `Color`. Modi hii inachukua aina ya rangi na ukolezi kutoka kwenye brashi yako, lakini mwanga na kivuli vinabaki vile vilivyokuwa chini yake. Chukua rangi ya shavu kwa kushika `Alt` na kubofya, brashi laini yenye `Hardness` 0 na `Flow` ya asilimia 5, kisha pita taratibu pembeni mwa pua ukirudia rudia. Pima kila baada ya mipito michache. Usiifikishe H kwenye 19. Ikifika 15 au 16, acha. Pua, masikio na mashavu ya mtu aliye hai huwa na wekundu zaidi kidogo kuliko paji, na uso wenye H moja kutoka paji hadi kidevu ni uso wa mdoli hata ungekuwa na vinyweleo vyote vya dunia.

Paji sasa. Humu hakuna rangi ya kupaka. Weka tabaka la `Curves` papo hapo kati ya Rangi na Umbile, inua katikati ya mstari kidogo, geuza maski iwe nyeusi kwa `Ctrl+I`, halafu funua paji kwa brashi nyeupe ya `Flow` ndogo. Tabaka hilo likikaa chini ya Umbile, vinyweleo havipandi ukali kwa sababu ya mwinuko huo. B ikitoka 54 ikafika 60, kazi imekwisha. Kuipeleka hadi 66 ni kusema kwamba paji na shavu vinapigwa na mwanga kwa pembe moja, jambo ambalo mfupa wa kichwa unalikataa. Kama `Curves` imebadilisha ukolezi wa rangi wakati inainua mwanga, na mara nyingi hufanya hivyo, badilisha modi yake iwe `Luminosity`.

Umegundua kwamba mpaka sasa hatujafifisha kitu? Kwa mtazamo wangu ukungu ndani ya Rangi ni wa kumalizia, si wa kuanzia. Yakibaki mabaka madogo madogo, yazungushie moja moja kwa `Lasso` yenye `Feather` ya pikseli 15 hadi 30, na ufifishe kwa kiasi kinachotosha tu kuliyeyusha baka lenyewe. Fanya hayo kwenye nakala ya Rangi iliyokaa juu ya Rangi na chini ya Umbile. Ukizidisha, punguza `Opacity` ya nakala hiyo hadi 60 au 70, na sura itarudi bila kuanza upya. Usijaribu kupunguza `Opacity` ya Umbile kwa lengo hilo. Hapo unapunguza vinyweleo, na plastiki inaongezeka badala ya kupungua.

Sababu ya tatu ni kukaa karibu mno na skrini. Kwenye ukuzaji wa asilimia 100 au 200 kila badiliko dogo la mwanga huonekana ni kasoro, na mtu anayafuta yote. Fungua dirisha la pili la picha hiyo hiyo kwa `Window > Arrange > New Window`, liache kwenye asilimia 25, na liwe linakutazama unapofanya kazi kwenye lile kubwa. Baka lisiloonekana kule dogo halihitaji kufutwa huku.

Kama bado hujui ni rangi au mwanga, na namba zinakuchosha, kuna njia ya macho. Weka juu ya kila kitu tabaka la `Solid Color` la kijivu, RGB 128 zote tatu. Likiwa kwenye modi ya `Color`, utaona mwanga na kivuli peke yake. Ligeuze liwe `Luminosity`, mwanga unatoweka na rangi zinabaki tupu: mabaka mekundu, ya njano na ya kijani yanajitokeza ambayo hukuyashuku. Lizime unapomaliza. Nimewahi kusafirisha faili nikiwa nimelisahau limewashwa, na picha ikaenda kwa mteja kama ramani ya hali ya hewa.

Dalili: ngozi imelainika, vinyweleo havipo kabisa

Hii ni plastiki ya aina nyingine, na chanzo chake huwa kwenye nambari uliyochagua ulipofifisha Rangi mara ya kwanza.

Nambari ikiwa ndogo mno, sehemu ya vinyweleo inabaki ndani ya Rangi badala ya kuhamia Umbile. Kisha ukiififisha Rangi kwa nia njema ya kusawazisha, unavifuta vinyweleo hivyo bila kujua. Kipimo cha macho ni hiki: ongeza `Radius` pole pole na usimame pale vinyweleo vinapotoweka lakini bado unaweza kuona mahali pua inapoanzia na mdomo unapoishia. Kwa uso wa pikseli 2,200 kama ule wa mfano, hiyo huangukia kati ya 8 na 12. Kwa picha ya nusu mwili iliyopigwa kwa kamera hiyo hiyo, 4 hadi 6 inatosha kwa sababu uso umekuwa mdogo. Ndiyo maana kuiga nambari ya mtu mwingine bila kujua uso wake ulikuwa na ukubwa gani ni kucheza bahati nasibu.

Sababu inayofuata ni kuchora kwenye tabaka lisilo lako. Unadhani uko Rangi, kumbe uko Umbile, na `Gaussian Blur` imepita juu ya vinyweleo vyenyewe. Funga Umbile kwa alama ya kufuli wakati unashughulika na Rangi.

Halafu kuna brashi laini ndani ya Umbile. Ukinakili kinyweleo kwa `Clone Stamp` yenye kingo laini, kwenye kingo zile vinyweleo viwili vinachanganyika na kuzimana, na baada ya mibofyo kumi unapata kiraka chororo. Ndani ya Umbile brashi iwe na `Hardness` ya 80 hadi 100. Hapa, tofauti na kwingine kote, brashi ngumu haiachi alama, kwa kuwa Umbile halina mwanga mkubwa wa kutengeneza mpaka. Chukua sampuli karibu na unapoiweka. Vinyweleo vya pua ni vikubwa kuliko vya shavu, na vikihamishwa vinajulikana.

La mwisho: huenda vinyweleo havikuwepo tangu mwanzo. Simu iliyokuwa imewashwa kichujio cha urembo, lenzi iliyokosa fokasi, au JPEG iliyobanwa mno havina cha kutenganishwa. Simama hapo. Zima matabaka mengine yote, `Background` ikiwemo, utazame Umbile peke yake: ukiona kijivu chenye miraba midogo badala ya vinyweleo, hiyo ni mibano ya JPEG, na kila utakachofanya kitaikuza. Omba faili ya RAW, au picha irudiwe.

Dalili: mabaka hayaondoki, hata ukififisha mara ngapi

Geuza maelezo ya juu. `Radius` ilikuwa kubwa mno, na mabaka yamekwenda kukaa Umbile pamoja na vinyweleo. Unaififisha Rangi, nayo inatii, lakini baka halimo humo. Mtu huongeza ukungu mara tatu, nne, hadi sura inayeyuka na baka lipo pale pale likicheka. Litazame Umbile peke yake. Lionekane kama karatasi ya msasa ya kijivu. Ukiona humo umbo la midomo lililo wazi au madoa mapana ya rangi, rudi uanze utenganishaji upya kwa nambari ndogo.

Ikiwa kinachobaki ni vidoti vyekundu vidogo, si mabaka, basi nambari yako haina kosa. Rangi ya kitu kilicho kidogo kuliko `Radius` hukaa Umbile kihalali. Bandika `Hue/Saturation` juu ya Umbile kwa `Ctrl+Alt+G` ili iguse tabaka hilo tu, shusha `Saturation` hadi −60 hivi, maski iwe nyeusi, kisha ufunue kwenye vidoti peke yake. Kinyweleo kinabaki, wekundu wake unafifia. Chunusi yenye uvimbe ni kisa kingine: ina kipande chake Umbile na kipande chake Rangi, na inatakiwa iondolewe mara mbili. Kwa kweli chunusi zote za kupita ziondoe kwa `Healing Brush` kabla hata ya kutenganisha masafa. Unajipunguzia nusu ya kazi.

Dalili: kuna ukingo unaong'aa au mweusi kwenye nywele, taya na tundu za pua

Ukungu uliopita juu ya mpaka umeingiza giza la nywele kwenye paji na mwanga wa paji kwenye nywele. Umbile linajua kuusawazisha mpaka ule kama ulivyokuwa mwanzo tu. Ukibadilisha Rangi upande mmoja, hesabu inavunjika na ukingo unajitokeza. Mara nyingi kosa ni uteuzi uliosogea karibu mno: `Feather` ya 20 inamwagika nje ya mstari uliouchora, hivyo acha nafasi ya angalau mara mbili ya nambari hiyo kabla ya mstari wa nywele, midomo, nyusi na pua.

Kama umeacha nafasi na ukingo bado upo, tengeneza Rangi kwa `Surface Blur` badala ya `Gaussian Blur`. Hiyo hufifisha yanayofanana na kuiacha mipaka mikali ilivyo. Ni nzito kwa kompyuta, na `Threshold` yake inataka kuchezewa kwa subira, lakini kwenye uso wenye ndevu fupi sijaona njia nyingine isiyo na taabu zaidi.

Dalili: ngozi imekuwa ya kijivu, kama imepakwa majivu

Hujitokeza zaidi kwenye ngozi nyeusi, na chanzo chake ni mng'ao. Mwanga unaorudi moja kwa moja kutoka kwenye mafuta ya ngozi hubeba rangi ya taa, si rangi ya ngozi, kwa hiyo hauna ukolezi mwingi. Ukiufifisha pamoja na kahawia iliyouzunguka, unapata kahawia iliyochanganywa na nyeupe, ambayo jicho linaisoma kuwa majivu. Ngozi nyeusi pia huonyesha umbo la uso kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, na hapo hasara inakuwa mara mbili: rangi imechujuka na sura imelala.

Rudisha kwanza. Weka maski kwenye nakala ya Rangi na ufiche ukungu wote uliopita juu ya mng'ao wa paji, ncha ya pua na mfupa wa shavu. Kama mng'ao ni mkali mno, utie rangi kwa tabaka lile la `Color`, ukichukua sampuli kwenye ngozi iliyo ukingoni mwake, `Flow` ya asilimia 5, halafu uushushe kidogo kwa `Curves`. Upungue, usifutike. Mng'ao uliochomeka hadi 255 kwenye chaneli zote tatu hauna cha kuokoa ndani yake, na `Color` haitashika juu ya nyeupe tupu.

Sababu nyingine, isiyotokea sana: taa mbili za rangi tofauti, dirisha upande mmoja na balbu upande mwingine. Hiyo si kazi ya kutenganisha masafa. Irekebishwe kwenye RAW kwa maski za `Temperature` kabla ya kuanza.

Dalili ndogo mbili

Alama nyeupe au nyeusi kali inatokea kila ukibofya ndani ya Umbile: `Sample` ya brashi iko kwenye `All Layers`, na unapachika picha nzima mahali panapotaka kijivu. Iweke `Current Layer`.

Mteremko wa mwanga umekatika kama ngazi: ulififisha sana picha ya biti 8. Kuigeuza biti 16 sasa hakurudishi kilichopotea. Anza upya kutoka RAW ukiwa kwenye biti 16, au, kama hakuna RAW, ongeza `Add Noise` ya asilimia 1 kwenye Rangi ili ngazi zijifiche.

Mahali pa kuweka brashi chini

Usisawazishe rangi kwenye picha ya pasipoti au kitambulisho, wala picha ambayo mgonjwa amempigia daktari wa ngozi. Wekundu unaoufuta huenda ndio anaoutafuta. Kovu, doa la kuzaliwa na vitiligo si “rangi isiyo sawa”. Muulize mwenye uso kabla, na jibu lake ndilo mpaka wako. Kwa matangazo, ujue sheria ya nchi yatakakoonyeshwa: Norwei, tangu Julai 2022, inataka tangazo lenye ngozi au umbo la mwili lililobadilishwa liwekewe alama ya kusema hivyo.

Mpe mtaalamu wa kurekebisha picha kazi ikiwa ni tangazo la vipodozi litakalochapwa kubwa, ikiwa nyuso ni nyingi na zinatakiwa zilingane rangi kutoka picha moja hadi nyingine, au ikiwa umeanza utenganishaji upya mara ya tatu na ukingo wa nywele haujatulia. Mpelekee faili ya RAW pamoja na PSD yenye matabaka yote yakiwa hayajaunganishwa, hata yale unayoyaonea aibu. Ndani ya dakika chache ataona ni `Radius` ipi ilikuponza. JPEG uliyokwisha kuisawazisha haitamsaidia, kwa kuwa mwanga ulioukoroga humo hawezi kuukorogoa.